Mabasi yalishahama Ubungo: usichape hicho kitabu bado

Swali: "Wakuu, mwongozo wangu wa wasafiri wa Dar na Zanzibar uko tayari. Bei na simu nimeziweka ndani ya maelezo, ramani nimechora juu ya picha ya skrini ya Google. Nitumie karatasi gani, na nianze na nakala ngapi?"

Simama hapo hapo mkuu, usipeleke kiwandani. Najua ushauri wa kujaza kila kitu ndani ya maelezo na ramani umetoka kwa nani: wale wasanifu wa kurasa wanaokwambia ramani ikijaa majina inapendeza. Inapendeza, sawa, na wao wanalipwa kila inapochorwa upya.

Chukua Ubungo. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Aliyekuwa ameitaja stendi ya Ubungo kwenye sura ya kufika Dar, safari ya Arusha, safari ya Mbeya, kisanduku cha teksi na ramani mbili, ana kazi ya kuisaka kitabu kizima. Usiniambie utabadilisha neno kwa kompyuta. Ubungo bado ipo, kwa hiyo hata gesti ya Ubungo utaihamishia Mbezi. Nauli ya teksi kutoka Posta itabaki ya zamani, na mbaya zaidi, maneno yaliyogandishwa ndani ya picha ya ramani hayatafutiki kabisa.

Kinachobadilika kiandike sehemu moja tu, tena na tarehe. Fungua jedwali, kila mahali mstari wake: namba, jina, simu, bei, latitudo, longitudo, nani kathibitisha, lini. Kwenye maelezo andika "stendi ya mikoani (12)" basi. Ramani nayo ionyeshe 12, jina likae kwenye orodha. Gesti ikifungwa, futa mstari wake na uache pengo. Usizipange namba upya, utavuruga kila ukurasa unaozitaja.

Hiyo picha ya Google itupe, huna ruhusa ya kuichapa hivyo. Chukua barabara za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, zifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani, halafu weka jedwali lako kama tabaka la juu na lebo isome safu ya namba. Pembeni andika `© OpenStreetMap contributors`, ni sharti la leseni. Mji Mkongwe usiiamini GPS ya simu vichochoroni: kuta ndefu huiyumbisha, na nukta inaangukia nyumba ya jirani. Hesabu milango kutoka kona, uisogeze kwa mkono.

Kabla ya kuchapa, panga jedwali kwa tarehe, kongwe juu, upige simu ukishuka. Uliza kama mteja: "Chumba cha watu wawili leo bei gani?" Ukijitambulisha kama mwandishi utapewa bei ya kuvutia. Boti na treni ziache mwisho kabisa, wiki ile ile faili linapoondoka, na kwenye saa andika 07:00, maana ukiandika "saa 1" mgeni atafika bandarini mchana.