Ukiandika "same like" utaletewa kinachofanana, si kile kile

*"Wakuu, kesho naituma imeili ya kulinganisha wauzaji watatu wa beringi za mota. Nimeandika hivi: 'Supplier B bearing is same like Supplier A, similar with Supplier C, but price is more than as A.' Kiingereza kimekaa sawa? Halafu niweke jedwali au maelezo tu? Na bosi nimwandikie Dear Sir au nimtaje jina?"*

Mkuu, usiitume hiyo. Hasa hapo kwenye "same like", futa sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Kiwandani kwetu sentensi ya namna hiyo hiyo ilitoka ofisi ya manunuzi, na kwa bahati mbaya ilihusu beringi kama zako. Mota za mkanda wa kusafirisha chupa zilikuwa zinatumia 6205-2RS. Muuzaji wa zamani akapandisha bei, tukamwandikia mwingine kwamba tunataka beringi "same like" za yule wa kwanza. Zikaja 6205-ZZ. Ukizipima na kalipa huoni tofauti: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. Mtunza stoo akapima, akasaini, zikafungwa.

Tofauti iko kwenye zile herufi za mwisho. 2RS ina sili za mpira pande zote mbili, na sili hizo zinagusa pete ya ndani. ZZ ina ngao za bati ambazo haziigusi pete, zinaacha upenyo mwembamba. Kwenye mota iliyo mahali pakavu unaweza usijue tofauti. Kwetu sehemu ile inaoshwa kwa maji ya presha kila zamu. Maji yakapita, grisi ikageuka nyeupe kama maziwa, mota zikaanza kupiga kelele, na mkanda ukasimama katikati ya oda kubwa. Tulipomrudia muuzaji akatuonyesha imeili yetu wenyewe: mliomba zinazofanana, nimeleta zinazofanana. Bei aliyotoa ilikuwa ya ZZ, na LPO ilirudia maneno yale yale ya imeili. Hakurudisha hata senti.

Ninayemlaumu hadi leo ni yule mkufunzi aliyekuja kutupiga semina ya "Kiingereza cha ofisini". Alitugawia karatasi ya sentensi za kunakili, "same like" ikiwemo, akasema sarufi ni ya shuleni, ofisini mtu ataelewa tu. Kweli muuzaji alielewa, ila alielewa upande unaomfaa yeye! Mtu anayelipwa kufundisha lugha ya manunuzi anawezaje kusema hivyo? Cheka ukitaka, ila zile beringi bado ziko stoo, na mwenye feni mahali pakavu aje tuongee bei.

Tatizo ni kwamba "same" inadai kitu kile kile, na "like" inaruhusu kinachofanana. Ukizigandisha pamoja, msomaji anachagua mwenyewe. "Same" inakwenda na "as", na mbele yake taja ni nini hasa kilicho sawa. Hapo kwenye kutaja ndipo nakusisitizia, maana hata "the same as" ikikaa peke yake haikulindi. Sisi tungeandika hivi tusingelia:

"Supplier B's bearing has the same dimensions as Supplier A's (25 x 52 x 15 mm), but it has metal shields instead of rubber seals."

Bosi akisoma hivyo atauliza mwenyewe: kwa nini sili zimebadilika? Swali hilo likiulizwa kabla ya LPO halina gharama.

"Similar with" ni kosa dogo, weka "similar to", na hapo pia sema kwa lipi: "similar to Supplier C's in size".

"More than as" imechanganya miundo miwili, chagua mmoja. A akiwa 12,000 na B 15,000, andika "Supplier B's price is higher than Supplier A's". B akiwa 24,000, andika "twice as high as Supplier A's". Usiandike "two times more than", kuna watakaosoma mara mbili na watakaosoma mara tatu. Na ile 's usiiache, bei inalinganishwa na bei, hailinganishwi na kampuni.

Kabla hujatuma, zipange profoma zote tatu mezani usome namba ya beringi hadi herufi ya mwisho, pamoja na C3 kama ipo, maana hiyo nayo inabadilisha nafasi iliyo ndani ya beringi. Zikilingana zote pamoja na chapa, andika "the same as". Herufi moja ikipishana, andika "similar to", kisha uitaje herufi hiyo na maana yake kwenye sentensi hiyo hiyo.