Meneja ananidhalilisha, Utumishi wanasema si unyanyasaji

Swali: Ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni binafsi hapa Mwanza, huu mwaka wa tatu. Meneja wangu ananifokea mbele ya wenzangu, ananiita mzigo, kanitoa kwenye grupu la idara, na Jumapili ananiita kazini kusawazisha vitabu. Yote yalianza niliporudi likizo ya uzazi. Utumishi wameniambia huo si unyanyasaji kisheria, ni ukali tu wa bosi. Nimechoka. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, naipeleka Ijumaa. Nina haki yoyote?

Jibu: Dada, hiyo barua iache kwanza kwenye droo. Nitakuambia kwa nini, lakini tuanze na hao wa Utumishi.

Hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Kwa hiyo haitoshi kuonyesha kwamba mtu anakutesa. Lazima mateso hayo yafungamane na moja ya sababu zilizoorodheshwa humo, kama jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, kabila, dini, ulemavu au umri. Bosi anayemfokea kila mtu, au aliyekuchukia tu bila sababu ya aina hiyo, anabaki nje ya kifungu hicho hata akikuliza kila asubuhi. Sisi tunaoshughulika na kesi hizi tunauita ubabe, na sheria haina kosa lenye jina hilo.

Sasa soma tena swali lako. Umesema yalianza ulipotoka likizo ya uzazi, ukapita. Mimi ningesimama hapo. Je, amewahi kusema neno juu ya mtoto, kunyonyesha, au ruhusa ulizoomba kwenda kliniki? Sentensi moja kama "wenye vichanga ndio wanaoturudisha nyuma", iliyosikiwa na mtu wa pili, inaweza kulitoa jambo lako kwenye ubabe ikaliingiza kwenye majukumu ya familia. Faida yake ni kubwa: ukishaonyesha picha ya awali ya ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unahamia kwa mwajiri. Lakini kama hakuna neno wala tukio la namna hiyo, usilibuni. Tarehe kuangukiana peke yake ni uzi mwembamba, na dai la ubaguzi lililoshonwa kwa nguvu huwa linaangusha na madai mengine yaliyokuwa mazuri.

Tuseme hakuna. Njia yako ya kwanza ni malalamiko ya ndani, na kwa malalamiko sina maana ya kwenda kulia kwa dada wa Utumishi ukarudi. Kamuombe sera ya malalamiko, au kitabu cha taratibu za wafanyakazi. Kampuni nyingi zimeandika humo kwamba mfanyakazi atatendewa kwa staha na kwamba makosa yatasemwa faragha. Kile ambacho sheria haikukipa jina, sera ya kampuni yako inaweza kuwa imekikataza, na hapo hubishani tena kama ni unyanyasaji au la. Unasema tu kwamba ukurasa fulani umevunjwa.

Barua ya malalamiko iandike kwa matukio. "Meneja ananidharau kila siku" haina pa kushika. Linganisha na hii: "Jumanne tarehe 4, saa 3:20 asubuhi, kwenye meza ya malipo, mbele ya karani wa stoo na keshia, alisema 'wewe ni mzigo, ulipwe kwa kazi gani?' Kosa lililotajwa ni ankara moja iliyochelewa, ambayo haijawahi kufika mezani kwangu." Matukio matano ya namna hiyo yanatosha. La grupu liwekee skrinishoti, kisha taja taarifa mbili tatu za kazi zilizokupita kwa sababu hukuwemo. Hapo halionekani tena kama kununiana.

Mwishoni omba kitu kinachotekelezeka: uripoti kwa mtu mwingine, urudishwe kwenye grupu, makosa yako uambiwe faragha. Mpelekee bosi wa meneja, nakala kwa Utumishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakigoma kugonga muhuri, itume kwa barua pepe siku hiyohiyo. Kama una chama cha wafanyakazi, mchukue mwakilishi wa tawi mkutanoni.

Suala la Jumapili litenge. Hilo halihitaji kuthibitisha nia mbaya ya mtu. Kila wiki una haki ya saa 24 za mapumziko, na ukikubali kufanya kazi ndani ya mapumziko hayo unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa kwa kila saa. Hujalipwa? Hilo ni dai unaloweza kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukiwa bado kazini, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Nimeona mameneja wakipoa ghafla baada ya mhasibu mkuu kuulizwa kuhusu Jumapili nane ambazo hazimo kwenye hati ya mishahara.

Sasa barua ya droo. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inasema mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mfanyakazi akajiuzulu, kisheria huhesabiwa kuwa ni yeye mwajiri aliyemwachisha. Kutendewa isivyo haki ni sababu mojawapo inayokubalika, lakini kwa sharti: uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa una sababu nzuri ya kutozitumia. Ukiondoka Ijumaa hii, sharti hilo unaliacha nyuma yako, na wa kuthibitisha kwamba kazi ilikuwa haivumiliki ni wewe.

Niliwahi kumsaidia kijana aliyeondoka kwa hasira halafu akaandika barua ya kiungwana: "kwa sababu binafsi", na chini yake "nashukuru kwa fursa na ushirikiano". Mbele ya mwamuzi, wakili wa mwajiri hakuleta hata shahidi wa maana. Alisoma barua ile polepole, akakaa.

Kwa hiyo, kama malalamiko yatapuuzwa au ubabe utazidi baada ya kuyapeleka, ndipo uandike barua mpya. Taja tarehe ya malalamiko, taja jibu ulilopewa au kimya ulichopewa, useme wazi kwamba unaondoka kwa sababu hiyo. Shukrani ziache. Baada ya hapo una siku 30 tu za kufungua mgogoro kwenye Tume hiyo ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu yake iitwayo CMA F.1, na mwajiri apewe nakala. Utaanza na usuluhishi, ambao una siku 30, kisha uamuzi mkishindwana. Siku zako wewe zihesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, hata kama bado unatumikia notisi, maana ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku iliyopita ulikuwa wapi.