Paneli za kilowati 5 zitarudisha pesa zake lini?

Swali: Nina duka lenye majokofu mawili, na familia inaishi nyumba iliyo nyuma yake. Mita ni moja, tunatumia kama uniti 20 kwa siku. Muuzaji wa sola ananishauri nifunge paneli za kilowati 5 bila betri. Anasema zitatoa uniti 20 kwa siku, kwa hiyo bili itaisha kabisa na mtaji utarudi ndani ya miaka minne. Pesa nitakopa. Hesabu yake iko sawa? Na betri niongeze?

Jibu: Upande wa uzalishaji, muuzaji wako hakukudanganya. Mahali penye jua zuri, kilowati moja ya paneli hupata nguvu sawa na saa tano za jua kali kwa siku. Ukitoa takriban asilimia 20 inayopotelea kwenye joto, vumbi, nyaya na inveta, kilowati 5 zinakupa uniti 20. Tatizo liko kwingine. Bila betri, uniti inayokuokolea pesa ni ile tu inayotumika saa ileile inapozalishwa. Jua likizama, majokofu, taa na televisheni vinarudi kula umeme wa gridi kama kawaida, na ile ziada ya mchana imeshapotea.

Kabla ya kugusa kitu kingine, pima. Kwa wiki mbili, soma mita saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, uandike tofauti. Jumapili au siku yoyote duka linapofungwa usiiache, kwa sababu paneli hazijui kwamba leo umefunga. Tuseme vipimo vitaonyesha kwamba uniti 11 kati ya 20 zinatumika mchana. Hata hizo 11 hutazipata zote kutoka juani, maana mawingu hupita, na asubuhi paneli bado hazijachangamka wakati majokofu yanafunguliwa kila dakika. Kwa mfumo wa kilowati 5, uniti 9 kwa siku ndilo kadirio ninaloweza kulisimamia.

Sasa tufanye hesabu, na napenda kuifanya kwa uniti badala ya pesa. Chukua bei yote ya mfumo pamoja na ufungaji, uigawe kwa bei ya uniti moja unayolipa. Tumia bei ya uniti yako ya mwisho ya mwezi pamoja na kodi zake, bila kuhesabu ada ya kila mwezi isiyobadilika, kwa kuwa ada hiyo utaendelea kuilipa hata ukifunika paa zima kwa paneli. Faida ya njia hii ni kwamba bei ya umeme ikipanda, uniti unazookoa nazo zinapanda thamani, na huhitaji kubashiri ongezeko la kila mwaka.

Kwa kauli ya muuzaji, mfumo unazalisha uniti 7,300 kwa mwaka na unarudi kwa miaka minne. Maana yake bei yake ni sawa na uniti 29,200. Lakini wewe utaokoa uniti 9 kwa siku, yaani 3,285 kwa mwaka. Gawanya: karibu miaka tisa, si minne.

Sasa mwombe bei ya mfumo wa nusu, kilowati 2.5. Haitakuwa nusu ya bei, kwa sababu fundi, nyaya, fremu na vifaa vya ulinzi havipungui kwa kiwango kilekile. Tuichukulie kuwa asilimia 60, yaani uniti 17,520. Mfumo huo unatoa uniti 10 kwa siku, na kwa kuwa ni mdogo kuliko mahitaji yako ya mchana kwa saa nyingi, utatumia kama 8 kati ya hizo. Hizo ni 2,920 kwa mwaka, na mtaji unarudi kwa miaka sita.

Hapo ndipo ningekaa na kutafakari kidogo. Nusu ya pili ya paneli inagharimu uniti 11,680 na inakuongezea uniti moja tu kwa siku, 365 kwa mwaka. Nusu hiyo ingehitaji miaka 32 kujilipa, ilhali dhamana ya utendaji ya paneli huwa ya miaka 25. Uniti hiyo moja unaweza kuipata bure ukihamishia saa sita mchana kazi zinazofanyika usiku: kupiga pasi, kufua kwa mashine, kupampu maji.

Mkopo unabana zaidi. Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka na bei ya umeme hupanda asilimia 6. Kwa kuwa tunahesabu kwa uniti, riba inayokuumiza ni tofauti yake, takriban asilimia 12. Kwa mfumo mkubwa, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni kama uniti 3,500, na wewe unaokoa 3,285. Deni halipungui hata kidogo, linakua. Kwa mfumo mdogo riba ni kama 2,100, unabakiwa na 800 hivi za kupunguza deni, na utalimaliza kwa miaka 11 na ushee. Hapo kuna jambo la kuweka akiba: inveta mara nyingi huchoka kati ya mwaka wa 10 na wa 15, kabla ya paneli, na ununuzi wa nyingine utakukuta ukiwa ndiyo kwanza umemaliza mkopo. Paneli zenyewe hupungua nguvu taratibu, karibu nusu asilimia kwa mwaka, kiasi ambacho hakinikoseshi usingizi. Kwa masharti hayo ningelipa sehemu kubwa taslimu, au ningesubiri.

Hesabu hii yote inageuka kama shirika la umeme linapokea ziada yako na kukurudishia uniti kwa uniti. Hapo kilowati 5 zinakaribia kweli ile miaka minne. Usikubali kauli ya mdomo. Uliza kama ziada inanunuliwa kwa bei kamili au chini yake, mita ya kupima pande mbili inalipwa na nani, na uniti zisizotumika zinafutwa baada ya muda gani.

Kuhusu betri, ipigie hesabu peke yake. Ikikuletea uniti 7 kwa usiku, hizo ni 2,555 kwa mwaka. Ikiwa bei yake ni sawa na uniti 20,000, itajilipa kwa miaka minane hivi, na betri nyingi za lithiamu zina dhamana ya miaka 10. Nafasi ni nyembamba mno kuinunua kwa ajili ya bili peke yake. Ila umeme wa kwenu ukikatika mara kwa mara, weka kwenye hesabu bidhaa zinazoharibika kwenye majokofu na mafuta ya jenereta, maana huko betri inaweza kujitetea vizuri. Na ulijue hili kabla hujasaini: inveta ya kawaida ya gridi isiyo na betri hujizima yenyewe gridi ikikatika, hata jua liwe la utosini, ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wanazishika. Ukitaka majokofu yaendelee wakati huo, mwambie muuzaji akuandikie kwenye nukuu ya bei kwamba inveta ni ya mseto, yenye njia ya umeme wa dharura, na ataje ni wati ngapi njia hiyo inabeba compresa za majokofu mawili zinapoanza kuwaka kwa pamoja.