Usaili wa umeneja: swali la mwenzako anayesuasua

"Wakuu, wiki ijayo nina usaili wa umeneja wa wahandisi wa programu hapa Mbeya. Wakiniuliza nilivyomsimamia mtu anayesuasua, nijibuje?"

Mkuu, usianze na "alikuwa mvivu", hapo umeshajikwaa. Anza na ulichokiona, kisha ulivyotafuta chanzo.

Mimi nilieleza hivi. Tukiwa na ofisi Mwanjelwa, kijana wetu mmoja alishuka kutoka kazi 3 kwa wiki hadi 1. Nilimwita pembeni, si kikaoni, nikamwonyesha kazi zilizochelewa na kumuuliza zilikwama wapi. Kumbe nilimhamishia mfumo wa malipo bila mtu wa kumwelekeza, naye akaona aibu kuuliza. Kosa hilo lilikuwa langu, na kwenye usaili nililikiri.

Tuliandikiana mpango wa wiki 6: kazi ndogo za siku 2, mzoefu akae naye kwa muda wa saa 1 asubuhi, na akikwama dakika 45 aulize. Kila Ijumaa tulipitia maandishi yale. Wiki ya 4 alimaliza kazi 2 peke yake.

Watakubana: "Na angeshindwa?" Usikwepe. Sema ungemweleza waziwazi kufikia wiki ya 3, umpe nafasi ya kujieleza, kisha uwahusishe watu wa rasilimali watu. Jina lake usilitaje. Mbeya hii tunajuana.