Damu ya uzazi imekata kabla ya siku 40

"Nimejifungua kabla ya Ramadhani. Damu imekata siku ya 28, usiku wa kuamkia mfungo wa tano. Mama mkwe anasema nisubiri arubaini. Nifanyeje?"

Waalaikumu salaam dada yangu. Usisubiri. Nifasi haina kiwango cha chini. Arubaini ni muda wa kawaida, si kifungo. Weka pamba safi: ikitoka kavu au na ute mweupe tu, umetoharika. Ikiwa na rangi ya njano au kahawia mfululizo na damu, bado.

Tia nia ya saumu kabla ya alfajiri, hata kama josho utalioga baada ya adhana. Swala ndiyo haisubiri: oga uiwahi Alfajiri. Na kwa kuwa umetoharika usiku, Isha ya usiku huo ni yako, na kwa Mashafii Magharibi pia.

Mifungo minne iliyopita utailipa kabla ya Ramadhani ijayo. Swala za siku 28 hulipi. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alisema waliamrishwa kulipa saumu, si swala. Lakini ukingoja hadi arubaini, swala za siku hizo 12 utakuwa umeziacha ukiwa tohara, na wanazuoni wengi watakutaka uzilipe zote.