Mwema, mwovu na goblini aliyesalimu amri

Kwenye karatasi ya mhusika wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kuna kijisehemu cha kuandika msimamo. Wengi hukijaza kwa sekunde tano, kisha wiki ya tatu wanakibishania saa nzima huku kete zimelala mezani. Ukijua ugomvi huo unatoka wapi, utaukwepa mapema.

Misimamo iko tisa, imepangwa kwenye jedwali la miraba mitatu kwa mitatu. Upande mmoja unapima wema na uovu, yaani kama mhusika anajali uhai wa wengine au yuko tayari kuwaumiza ili apate chake. Upande wa pili unapima utii na uhuria: je, kiapo, sheria na mila vinamfunga, au anaenda anakotaka? Katikati ya kila kipimo kuna wastani. Ndiyo maana unaweza kuwa na Mtii Mwovu, kwa mfano hakimu asiyevunja kanuni hata moja huku akiwakamua maskini.

Haikuanza hivyo. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 misimamo ilikuwa mitatu tu: utii, wastani na uhuria. Ilifanana zaidi na kuuliza uko jeshi la nani kuliko kuuliza una moyo gani. Miraba tisa ilikuja miaka michache baadaye, lakini maana ya zamani haikuondoka. Hadi leo neno lilelile linataja upande na pia linataja tabia, na wachezaji wawili wanaweza kulitumia usiku mzima bila kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia jambo lake.

Chukua kisa hiki, maana utakutana nacho. Vita vimeisha pangoni. Goblini mmoja, zimwi dogo la upande wa adui, ametupa upanga na kupiga magoti. Mwizi wa kundi, ambaye ni Huria Mwema, anataka kumchinja: akiachwa ataita wenzake, na kitabu cha viumbe kinasema goblini ni waovu. Paladini, shujaa aliyefungwa na kiapo, ambaye ni Mtii Mwema, anakataa. Mwizi anamjibu kwamba sheria ya mfalme inaruhusu kuua goblini, kwa hiyo mtii wa kweli angemchinja yeye mwenyewe.

Hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na yanataka kufunguliwa moja moja. La kwanza: kile ambacho kitabu kimeandika kuhusu goblini ni hukumu ya kila goblini, au ni mazoea ya wengi wao? La pili: utii ni kwa sheria ya nani, mfalme au kiapo? Jedwali halijibu lolote kati ya hayo. Mwendesha mchezo ndiye anayejibu, na ajibu kabla upanga haujashuka: “Kwenye dunia hii, kumuua aliyesalimu amri ni uovu. Ukifanya, kiapo chako kinavunjika. Bado unataka?” Adhabu inayokuja bila onyo ndiyo inayovunja meza.

Uzito wa jibu unategemea toleo mnalocheza, kwa hiyo ulizeni hilo kwanza. Katika matoleo ya zamani paladini aliyetenda uovu kwa kukusudia alipoteza nguvu zake, kwa hiyo mchezaji anayebisha hatafuti falsafa, anatetea mhusika wake. Toleo la 2014 halimlazimishi paladini kuwa Mtii Mwema. Hata uganga wa kugundua uovu umebadilika: zamani ulimuumbua mtu mwovu, sasa unaonyesha aina za viumbe kama mashetani, malaika na wafu wanaotembea. Mchezaji aliyezoea toleo la tatu atauelekeza kwa mfanyabiashara anayemshuku, asipate kitu, aamini kwamba mtu yule ni msafi. Huyo anaweza kuwa muuaji.

Kuna pia kisingizio cha “mhusika wangu angefanya hivyo,” kinachosikika sana pale Huria Mwovu anapowaibia wenzake. Usikikubali. Mraba ule hakupangiwa na mtu, aliuchagua mwenyewe. Dawa yake ni kuandika chini ya msimamo sentensi moja inayotaja kitendo, kama “hamuui aliyetupa silaha, isipokuwa aliyewahi kumsaliti.” Sentensi ya namna hiyo inamaliza ubishi ambao maneno mawili ya mraba hayawezi kuumaliza.

Mwendesha mchezo naye ana sehemu yake, na mara nyingi huisahau. Kumchukua mateka kunagharimu: kamba, chakula, mtu wa kumlinda usiku. Gharama hiyo ni ya haki. Lakini kama kila goblini anayesamehewa anarudi usiku na wenzake kumi, wachezaji watajifunza kwamba huruma ni ujinga, na wa nne hata magoti hatapewa nafasi ya kupiga. Basi mmoja atoroke, mwingine awaonyeshe njia ya siri, na wa tatu asionekane tena.