Nahodha, mwizi na wafanyabiashara mia tano: usikimbilie hesabu

Wengi wanaolinganisha maadili ya Kibuddha na falsafa ya matokeo, ile aliyoieleza Jeremy Bentham mwaka 1789, inayopima tendo kwa jumla ya raha na mateso linayoleta, huanza na kisa cha nahodha kilichomo katika maandiko ya Mahayana, mojawapo ya matawi makubwa ya Ubuddha. Melini mna wafanyabiashara mia tano, na mwizi amepanga kuwaua wote. Nahodha anajua, naye anamuua mwizi. Msomaji husema: basi, mmoja kwa mia tano, hesabu ni ile ile.

Rudi ukisome polepole. Nahodha anaona kwamba akiwaambia abiria, wao wenyewe watamuua mwizi kwa hasira na kubeba dhambi ya kuua. Akinyamaza, mwizi ataua na kuteseka muda mrefu motoni. Kwa hiyo anaamua kuua yeye, akiwa tayari kuteseka motoni kwa ajili yao. Huruma yake inamfikia hata mwizi. Kwa Bentham, mateso ya mwizi nayo huingia kwenye jumla, lakini moyo wa muuaji haubadilishi uzito wa tendo. Katika kisa hiki moyo huo ndio unaopimwa kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu: usikitumie kisa hiki kama ruhusa. Kama hauko tayari kubeba adhabu mwenyewe, au unamchukia unayemdhuru, wewe si nahodha huyo.

Wafafanuzi wa Theravada, tawi jingine la Ubuddha, wana kipimo kikavu zaidi. Kuua kunakamilika mambo matano yakikutana: kuna kiumbe hai, unajua kwamba ni hai, unakusudia kukiua, unachukua hatua, nacho kinakufa. Mtawa kipofu Chakkhupala alitembea alfajiri baada ya mvua akakanyaga wadudu wakafa. Watawa wenzake walimshtaki, Buddha akasema hana hatia, maana hakuwaona wala hakukusudia.

Hapo ndipo watu hukosea upande wa pili, wakidhani nia njema inatosha na matokeo hayana maana. Lakini tuseme Chakkhupala ameshaambiwa kuhusu wadudu, na kesho anapita njia ile ile baada ya mvua. Kwa maoni yangu huo sasa ni uzembe, na hawezi tena kujitetea kwa kutojua.

Ndiyo maana Buddha, akimfundisha mwanawe Rahula, aliweka matokeo ndani ya kila uamuzi. Kabla ya kutenda jiulize: je, hili litaniumiza mimi, wengine, au sote? Likielekea huko, acha. Ukiwa katikati jiulize tena. Ukiona madhara, simama hapo hapo, hata kama umeshatumia nguvu nyingi. Baadaye jiulize mara ya tatu. Ukikuta umeumiza kwa mkono au kwa ulimi, nenda kamweleze mwalimu au mwenzako mwenye busara, umfunulie wazi, kisha ujizuie siku zijazo.